Ukaguzi wa mzigo kabla haujaondoka China: nani amtume mkaguzi, akague mangapi, na kasoro zikionekana nani alipe

Tuseme mfanyabiashara wa Kariakoo anaagiza mabirika ya umeme 2,400 ya lita 1.8 kutoka Shunde, wilaya ya mji wa Foshan yenye viwanda vingi vya vifaa vya jikoni. Bei ni dola 4.50 kwa birika moja likifikishwa melini bandari ya Nansha, kwa hiyo oda nzima ni dola 10,800. Anatanguliza asilimia 30, yaani dola 3,240, na salio la dola 7,560 atalipa mzigo ukishakuwa tayari. Mabirika yanafungwa 12 kwa katoni, katoni 200. Nitatumia oda hii hadi mwisho, kwa sababu ukaguzi ukizungumzwa hewani kila muuzaji anakubali. Ubishi huanza namba zikiwekwa mezani.

Mambo matatu yanatakiwa kuandikwa kwenye profoma kabla ya kutuma ile dola 3,240: nani anaingia kiwandani na lini, atatoa sampuli ngapi, na matokeo yakiwa mabaya nini kinafuata. Ukiyaleta baada ya kutanguliza pesa, utakuwa unaomba hisani.

Mkaguzi wa nani?

Njia ya kwanza ni wakala wako wa Guangzhou, yule anayekutafutia viwanda na kukusanya mizigo. Faida yake ni kwamba anaijua lugha na mara nyingi hakutozi ada ya ziada. Tatizo ni kwamba wakala wengi hupata kamisheni kutoka kiwandani, na mzigo ukikataliwa kamisheni yake inachelewa. Isitoshe, picha thelathini kwenye WhatsApp hazikuambii mabirika mangapi yalifunguliwa na yalichaguliwa na nani.

Njia ya pili ni muuzaji mwenyewe kulipia kampuni ya ukaguzi na kukutumia ripoti. Inaonekana ya ukarimu, lakini angalia ripoti imeandikwa mteja ni nani. Aliyelipa ndiye mteja, ndiye aliyetoa orodha ya vya kupimwa, na ndiye anayeipokea kwanza. Kampuni inaweza kufanya kazi kwa uaminifu kabisa na bado isipime kinachokusumbua wewe, kwa sababu hakuna aliyeiagiza ipime.

Ya tatu ni wewe kuiajiri kampuni moja kwa moja. SGS, Bureau Veritas, Intertek na QIMA zote zinafanya kazi hii kusini mwa China, na zipo kampuni ndogo za bei nafuu zaidi. Bei huhesabiwa kwa siku ya mkaguzi mmoja, na kwa kawaida inakuwa kati ya dola 200 na 350. Nikichukua dola 280, ni kama asilimia 2.6 ya oda yetu. Kwa oda ya thamani hii sioni sababu ya kwenda njia nyingine. Wakala mwache afanye anachokiweza, yaani kufuatilia tarehe na kupanga lori.

Hapa kuna mkanganyiko wa kuondoa. Cheti cha ulinganifu kinachodaiwa na TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, kupitia mpango wa PVoC, hakichukui nafasi ya ukaguzi wako. Kile kinaangalia kama bidhaa inakidhi kiwango cha nchi. Hakijali kama uliagiza rangi nyekundu ukaletewa ya kijivu, kama nembo yako imechapwa upande, wala kama mabirika mia mbili yanavuja. Unaweza kuwa na cheti halali mkononi na wateja wanarudisha bidhaa dukani.

Kiwandani au kwenye ghala la kukusanyia mizigo?

Wengi wa Afrika Mashariki hukusanya bidhaa za wauzaji tofauti kwenye ghala moja la Guangzhou au Foshan, kisha kontena linajazwa hapo. Inavutia kumwita mkaguzi ghalani akague vyote kwa safari moja. Kwa vyombo vya plastiki au vitambaa inawezekana. Kwa mabirika ya umeme mimi nachagua kiwandani, na sababu kubwa ni kwamba ghalani hakuna vifaa. Hakuna mashine ya kupima uvujaji wa umeme kwa volti kubwa, hakuna soketi za kutosha wala mafundi wa kufungua na kufunga katoni. Na kasoro ikionekana, mzigo hauko tena mikononi mwa aliyeutengeneza. Kuurudisha ni gharama ya lori, na ubishi wa nani alipe lori hilo utachukua wiki.

Kiwandani nako kuna mtego wake. Huenda uliyesaini naye si mwenye kiwanda bali ni kampuni ya biashara, na hataki mkaguzi aone jina lililo getini. Dalili ni hizi: anuani ya kiwanda haitolewi mpaka siku moja kabla, au anasisitiza bidhaa zitaletwa ofisini kwake zikaguliwe hapo. Si kosa mtu kuwa mfanyabiashara wa kati, ila anuani ya mahali mzigo ulipo iandikwe kwenye profoma pamoja na jina na simu ya mtu wa kumpokea mkaguzi.

Kuhusu tarehe, watu huuliza kama si bora kuvamia bila taarifa. Haifanyi kazi. Mlinzi hatamfungulia mgeni asiye na miadi, na hata akiingia atakuta nusu ya mzigo bado uko kwenye mstari wa kuunganisha. Utaratibu uliozoeleka ni kwamba bidhaa zote ziwe zimeshatengenezwa na angalau asilimia 80 zimefungwa kwenye katoni. Kampuni huwekewa nafasi siku chache za kazi kabla. Mkaguzi akifika akakuta mzigo haujafikia hapo, au akazuiwa mlangoni, siku yake inahesabiwa na ada inalipwa. Kwa hiyo andika kwamba safari iliyoharibika kwa sababu ya kiwanda ni juu ya muuzaji, na itakatwa kwenye salio.

Kinachozuia udanganyifu kuliko kushtukiza ni uhuru wa kuchagua katoni. Kiwanda chenye ujanja hupanga katoni nzuri mbele na kumwambia mkaguzi za nyuma hazifikiki. Sharti lako liseme mzigo upangwe ili kila upande ufikike, mkaguzi ahesabu katoni zote, kisha achague mwenyewe kutoka juu, chini, katikati na nyuma. Wakaguzi wengi hutumia kipeuo cha pili cha idadi ya katoni: kwa katoni 200 watafungua kama 15, na sampuli zitatolewa humo. Waombe wabandike stika zao zenye namba kwenye katoni zilizofunguliwa, na namba hizo zionekane kwenye picha za ripoti. Ukiogopa mzigo kubadilishwa kati ya ukaguzi na kupakia, lipia siku nyingine ya kusimamia upakiaji. Kwa muuzaji mpya inalipa, kwa mliyezoeana naye si lazima.

Kuna jambo la kiufundi linalosahaulika sana, na kwa mabirika linaharibu matokeo. Umeme wa China ni volti 220, wetu ni 230. Nguvu ya kifaa cha kupasha moto hupanda na kushuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo birika lililoandikwa wati 1,500 kwa volti 230 litasoma kama 1,372 likichomekwa ukutani Shunde. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60335 kinaruhusu kifaa cha namna hii kipungue hadi asilimia 10, yaani wati 1,350, na kizidi hadi asilimia 5, yaani 1,575. Birika zuri kabisa linaweza kuonekana liko ukingoni, na bovu likapata kisingizio. Muuzaji akubali kwa maandishi kwamba siku ya ukaguzi kutakuwa na kifaa cha kurekebisha volti hadi 230, soketi au adapta za plagi ya pini tatu za mraba tunayoitumia huku, na mashine ya volti kubwa yenye hati ya karibuni ya kuhakikiwa.

Daraja la I, la II au la III?

Sampuli hutolewa kwa majedwali ya ISO 2859-1. Unachagua daraja la ukaguzi, jedwali linakupa idadi ya kukagua. Kisha unachagua AQL, yaani kikomo cha ubovu unaokubalika, inayokupa idadi ya kasoro zinazovumiliwa. Kwa bidhaa za matumizi ya nyumbani desturi ni 0 kwa kasoro za hatari, 2.5 kwa kubwa, 4.0 kwa ndogo. Kwenye fomu za kampuni utaona imeandikwa General Level I, II au III. Mzigo wetu wa 2,400 unaangukia kundi la 1,201 hadi 3,200:

| | Daraja la I | Daraja la II | Daraja la III |
|---|---|---|---|
| Mabirika ya kukaguliwa | 50 | 125 | 200 |
| Kasoro kubwa zinazovumiliwa | 3 | 7 | 10 |
| Kasoro ndogo zinazovumiliwa | 5 | 10 | 14 |
| Mzigo wenye ubovu mkubwa wa 10% unapita | kama mara 25 kati ya 100 | kama mara 6 | kama mara 1 |
| Mzigo wenye ubovu mkubwa wa 5% unapita | kama mara 76 kati ya 100 | kama mara 71 | kama mara 58 |

Safu mbili za mwisho ni hesabu ya uwezekano tu, lakini ndizo zinazonifanya niamue. Ukichukua daraja la I, mzigo wenye birika bovu moja katika kila kumi una nafasi moja kati ya nne ya kukupita. Daraja la II linaishusha nafasi hiyo hadi kama 6 kati ya 100. Mruko huo ni mkubwa na kwa kawaida unapatikana ndani ya siku ileile moja. Kutoka la II kwenda la III unapata kidogo zaidi kwenye ubovu wa asilimia 10, na kwa kawaida unalipa siku ya pili.

Tazama pia safu ya chini kabisa. Mzigo wenye ubovu wa asilimia 5 hupita mara nyingi kuliko kukataliwa, kwa daraja lolote. AQL 2.5 haina maana kwamba umehakikishiwa ubovu usiozidi asilimia 2.5. Ni mstari wa kumlinda muuzaji mwenye mzigo mzuri asikataliwe kwa bahati mbaya. Kama ubovu wa asilimia 5 utakuumiza, kupandisha daraja si dawa. Punguza AQL ya kasoro kubwa hadi 1.5, na umwambie muuzaji kabla ya bei kufungwa, maana atataka kuongeza.

Suala la siku linahitaji hesabu ya maji. Lita 1.8 kwa wati 1,500 huchukua kama dakika saba kuchemka. Mabirika 125 moja baada ya jingine ni zaidi ya saa 14, hivyo hakuna mkaguzi atakayeyachemsha yote peke yake kwa siku moja. Ukiona ripoti inadai hivyo, uliza soketi zilikuwa ngapi. Mpangilio unaowezekana ni huu: yote 125 yaangaliwe kwa macho, yajazwe maji kuona kama yanavuja, na yapitishwe kwenye mashine ya volti kubwa na kipimo cha waya wa ethi. Kuchemsha na kuangalia kama yanajizima kufanywe kwa matano au sita kwa mkupuo, na kiwanda kitoe wasaidizi. Kupima wati na kuwasha birika bila maji kuona kama linajikata kufanywe kwa sampuli ndogo. Daraja maalumu S-2 linakupa 8 kwa mzigo huu, S-3 linakupa 13. Hayo ya kuwashwa bila maji yasirudishwe kwenye katoni za kuuza.

Orodha ya kasoro ikubaliwe mapema, pamoja na picha. Ya hatari ni ile inayoweza kuua au kuchoma: mwili wa birika kupitisha umeme, waya wa ethi kutoshika, birika kavu kutojikata. Moja tu ikionekana mzigo umefeli. Kubwa ni birika kuvuja, kutojizima maji yakichemka, kifuniko kutofunga, plagi isiyo ya kwetu. Ndogo ni mkwaruzo au wino uliopauka. Kila upande uwe na sampuli iliyosainiwa na kufungwa kwa utepe, mkaguzi aikute kiwandani. Bila hiyo, "rangi si ileile" inabaki maneno yako dhidi ya maneno yao.

Mzigo umefeli. Sasa?

Tuseme ripoti inarudi hivi: kasoro za hatari 0, kubwa 11, ndogo 6. Kikomo cha kubwa kilikuwa 7. Kati ya hizo 11, tisa ni mabirika yanayovuja penye kioo cha kuonyesha kiasi cha maji, mawili hayakujizima. Kampuni ya ukaguzi haikuamulii kitu. Inaandika kwamba mzigo haukufikia kiwango, basi. Uamuzi ni wako, na muuzaji atakupigia simu kabla hujamaliza kuisoma.

Kwa kawaida ataanza na punguzo. Anakupa asilimia 4, dola 432, mzigo uondoke kesho. Piga hesabu: 11 kati ya 125 ni asilimia 8.8, na kwa mzigo mzima ni kama mabirika 211. Kwa bei ya kiwandani pekee hayo ni takriban dola 950, kabla ya nauli ya meli, ushuru na aibu ya kurudishiwa dukani. Punguzo hilo halifiki hata nusu. Lingekuwa na maana kama kilichozidi ni kasoro ndogo, kwa mfano wino uliopauka kwenye boksi, kwa sababu bidhaa yenyewe inauzika.

Akiona hukubali, atakuja na ahadi: nitakuongezea mabirika 200 kwenye oda ijayo. Inaonekana inalingana na hasara, ila imekufunga kuagiza tena kwa mtu yuleyule. Sifikirii kuipa uzito, isipokuwa kama nyongeza juu ya njia nyingine.

Njia ninayoipendelea ni kuchambua na kurekebisha. Kiwanda kinajaza maji mabirika yote 2,400, yanayovuja yanabadilishwa mpira wa kuzibia, swichi zisizokata zinabadilishwa, kisha mkaguzi anarudi. Ukaguzi wa pili unachukua sampuli mpya 125, si zilezile, kwa vikomo vilevile. Kwa kasoro inayojulikana ilipo, kama hii ya mpira, marekebisho ni siku chache. Dola 280 za safari ya pili zikatwe kwenye salio. Mzigo ukiikosa meli, lazima iwe imeandikwa kwamba ucheleweshaji huo ni wa muuzaji. Ubaya wa njia hii unaonekana karibu na Mwaka Mpya wa Kichina: wafanyakazi wameshaondoka kwenda kwao, hakuna wa kufungua katoni 200, na muuzaji analijua hilo. Oda za msimu huo zikaguliwe angalau wiki mbili kabla kiwanda hakijafungwa.

Kukataa mzigo na kudai dola 3,240 zako kunawezekana kwenye karatasi. Kwa hali halisi, kurudisha malipo ya awali kutoka China bila kesi ni nadra, kwa hiyo hesabu njia hii kama ya kasoro za hatari zisizorekebishika. Mwili wa birika ukipitisha umeme, hata moja kati ya 125, usikubali punguzo lolote: ama kila birika lipimwe kwa mashine ya volti kubwa na ukaguzi urudiwe, ama mzigo usiondoke.

Yote haya yanategemea salio kuwa bado mfukoni mwako. Masharti ya "salio dhidi ya nakala ya BL", yaani hati ya mzigo uliopakiwa melini, yana hatari yake: nakala hiyo hutoka meli ikishapakiwa, hivyo ukaguzi usipotangulia kupakia, umechelewa. Andika kwamba muuzaji haruhusiwi kupakia kabla ya wewe kukubali ripoti kwa barua pepe. Kwa wanaotumia hati ya dhamana ya benki, yaani LC, ripoti iwe miongoni mwa nyaraka zinazodaiwa, na ielezwe wazi kwamba lazima iseme mzigo umefaulu. Benki inaangalia karatasi, haifungui katoni.

Kwa oda isiyofanana na hii

Oda ya vipande 400 vya dola 3, jumla dola 1,200, haiwezi kubeba ada ya dola 280. Hapo wakala wako aende, lakini kwa masharti yaleyale: achague katoni mwenyewe, afungue vipande 50 ambavyo daraja la II linataka kwa mzigo wa 281 hadi 500, na apige video isiyokatwa. Mlipe ada ndogo ya siku, asitegemee kamisheni ya kiwanda.

Muuzaji uliyefanya naye oda kadhaa bila kufeli unaweza kumshushia hadi daraja la I, mradi bidhaa na mpira wa kuzibia havijabadilika. Akibadilisha mtengenezaji wa swichi, rudi daraja la II hata kama mmeshakuwa marafiki.

Muuzaji mpya anayekubali ukaguzi lakini anakataa kuandika nani alipe safari ya pili, mimi ningemwomba aandike bei mbili: moja yenye sharti hilo na nyingine isiyo nalo. Tofauti ikiwa senti 5 kwa birika, ni dola 120 kwa oda nzima, na ninailipa. Ikiwa senti 40, dola 960, naanza kuongea na kiwanda kingine.